Hotuba ya Mwalimu Mkuu ya Kufungua Muhula: Jinsi ya Kuahidi Msaada Ambao Wazazi Watakuja Kuuomba

Malalamiko ya walimu wakuu kuhusu hotuba hii yanafanana. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya wazazi, akawakaribisha vizuri, akawaambia mlango wa ofisi yake uko wazi wakati wowote. Wazazi wakapiga makofi. Muhula ukaisha bila mzazi hata mmoja kuja kwa hiari yake, isipokuwa wale walioitwa kwa barua.

Tatizo liko kwenye ile sentensi ya mlango. Haina siku, haina saa, haina mtu wa kumuuliza, wala haisemi ni jambo gani linalostahili safari ya kuja shuleni. Kuna wazazi wengi ambao wameitwa shuleni tu pale mtoto alipokosa. Mzazi wa namna hiyo hatoki nyumbani kwa sababu ya neno "karibuni".

Mwongozo huu unahusu hotuba isiyozidi dakika 8, ya kusemwa wiki ya kwanza ya muhula. Nguvu nyingi nimeiweka kwenye sehemu ya kutoa msaada, kwa kuwa ndiyo inayowashinda wengi. Salamu hazimsumbui mtu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika

- Kalenda ya muhula: siku ya kufungua, mapumziko, mitihani na kufunga.
- Walimu wa madarasa na mwalimu wa malezi waliokubali wenyewe kupokea wazazi, na saa walizokubali.
- Daftari jipya la kupokea wazazi, litakalokaa kwa karani.
- Namba ya simu ya shule. Usitoe yako binafsi, maana itapigwa usiku na hutaipokea.
- Kikaratasi cha kumpa kila mzazi, chenye mistari minne tu.
- Kadi moja ngumu inayotosha kiganjani, ya kushika wakati wa kusema.
- Saa ya kupimia muda.

## Hatua ya 1: Hesabu msaada mlio nao

Usiandike neno lolote kabla hujajua shule inaweza kupokea wazazi wangapi kwa wiki.

Chukua mfano. Umetenga saa mbili Jumanne na saa mbili Alhamisi. Kila mzazi anahitaji dakika 15 za mazungumzo, na wewe dakika 5 za kuandika mlichokubaliana. Hapo unapokea wazazi 6 kwa siku, yaani 12 kwa wiki. Wakija 36 wiki ya kwanza, wa mwisho ataonana nawe wiki ya tatu, na kwa wakati huo atakuwa ameshawaambia wenzake kwamba zile zilikuwa porojo.

Kwa hiyo mwalimu mkuu asiwe kituo cha kwanza. Cha kwanza kiwe mwalimu wa darasa, ambaye anamjua mtoto na anaweza kumaliza mambo mengi kwa dakika tano. Cha pili kiwe mwalimu wa malezi, au yeyote anayeshughulikia ushauri shuleni kwenu. Wewe uwe wa tatu, kwa mambo yaliyokwama huko au yanayomhusu mwalimu mwenyewe.

Angalizo: kaa na walimu hao kabla ya mkutano. Mwalimu anayesikia saa zake zikitangazwa kwa mara ya kwanza mbele ya wazazi atatabasamu, kisha siku hiyo hatakuwepo.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuandika kwenye mstari mmoja: nani, wapi, siku gani, saa ngapi, wazazi wangapi.

## Hatua ya 2: Andaa geti na ofisi

Hatua hii haihusu maneno ya hotuba, ndiyo maana inarukwa. Lakini ahadi nyingi za walimu wakuu hufia getini.

Fikiria safari ya mzazi. Amejikaza, ameomba ruhusa kazini, amefika. Mlinzi anamuuliza, "Umeitwa?" Anajibu hapana. "Una miadi?" Hana. Anaambiwa arudi siku nyingine. Mlinzi hana kosa, maana hakuna aliyemwambia kwamba utaratibu umebadilika. Mzazi naye hatarudi, na wewe hutajua kamwe kwamba alikuja.

Keti na mlinzi na karani pamoja, hata robo saa. Mlinzi ajue siku na saa, na swali lake liwe moja tu: "Umekuja kumwona mwalimu gani?" Asiulize shida. Karani aandike jina, darasa la mtoto, na mtu anayetafutwa. Naye asiulize shida. Mzazi akilazimika kulieleza jambo lake getini, halafu kwa karani, halafu kwa mwalimu, litakuwa limeshaenea kabla hajaketi.

Tafuta pia mahali pa kuzungumzia ambapo wanafunzi hawapiti dirishani. Chumba kidogo cha vifaa chenye viti viwili kinafaa kuliko ofisi kubwa ambayo walimu wanaingia kila dakika kuchukua chaki.

Utajua umefanikiwa ukimtuma mtu ambaye mlinzi hamfahamu, akafika mpaka kitini bila kueleza kilichomleta.

## Hatua ya 3: Andika sehemu ya msaada kwanza

Wengi huanza na salamu, wakifika kwenye msaada wamechoka na muda umekwisha. Anza kuandika kutoka katikati. Sehemu hii ina mambo manne.

Dalili. Usiseme "mwenye tatizo aje". Hakuna anayependa kujihesabu kuwa mwenye tatizo. Taja mambo ambayo mzazi anayaona nyumbani: mtoto analalamika tumbo kila inapofika asubuhi ya shule na siku za mapumziko yuko mzima, daftari linarudi bila kazi ya siku, mtoto aliyekuwa msemaji amenyamaza ghafla. Mzazi akisikia jambo aliloliona jana, atajua unazungumza naye bila kumnyooshea kidole. Taja tatu. Zikifika sita zinakuwa orodha, na orodha haikumbukwi.

Njia. Mtu, mahali, siku, saa. Ziseme mara mbili, kwa maneno yale yale. Ukibadilisha maneno ili hotuba ipendeze, msikilizaji atadhani ni utaratibu mwingine.

Kitakachofuata. Mzazi anaogopa asichokijua. Mwambie ataketi na mwalimu dakika 15, watakubaliana jambo moja la kufanya nyumbani na moja la kufanya shuleni, na baada ya wiki mbili shule itampigia kuuliza hali. Mwambie pia mtoto hatachapwa wala kusemwa darasani kwa sababu ya mazungumzo hayo. Hofu hii ni kubwa kuliko walimu wanavyodhani: mzazi anahofia kwamba akimlalamikia mwalimu, kisasi kitamwangukia mtoto. Lisemwe waziwazi, na lisemwe na wewe mwenye madaraka juu ya walimu.

Mipaka. Sema shule isichoweza. Haitibu, haiamui ugomvi wa wazazi wawili juu ya mtoto, haikopeshi. Kwa mambo hayo inaweza kuelekeza pa kwenda.

Angalizo kubwa: usiahidi siri ya kila kitu. Sentensi "chochote utakachosema kitabaki kati yetu" inasikika tamu, lakini siku utakapoambiwa mtoto anapigwa au ananyanyaswa, utalazimika kuwashirikisha wanaopaswa kumlinda. Sema hivi: "Hatutalitangaza jambo lako. Ila likiwa linahatarisha usalama wa mtoto, tutawaambia wanaoweza kumlinda, na tutakueleza kwamba tunafanya hivyo." Iwapo kumweleza mzazi kwanza kunaweza kumletea mtoto hatari zaidi, fuata taratibu za ulinzi wa mtoto zilizopo mahali penu. Hilo halihitaji kuelezwa jukwaani, ila wewe na mwalimu wa malezi mlijue.

## Hatua ya 4: Salamu fupi zisizomwacha mtu nje

Orodha ya wageni ni kazi ya mshereheshaji. Akishawatambulisha, wewe sema "itifaki imezingatiwa" na uendelee. Mwalimu mkuu anayerudia vyeo vyote anakula dakika tatu za mwanzo, ambazo ndizo watu wanazosikiliza kwa makini zaidi.

Tumia "wazazi na walezi" mwanzo hadi mwisho. Usiseme "baba na mama wa mtoto" kana kwamba kila mtoto anao wote wawili nyumbani. Ukumbini yupo bibi anayelea wajukuu, yupo kaka mkubwa aliyekuja na barua ya shule mfukoni, yupo mama wa kambo. Neno moja la mwanzo linatosha kumwambia mtu kama mkutano huu unamhusu.

Watambue waliotoka mbali au walioomba ruhusa kazini. Mara moja, sentensi moja. Wageni kwa shule, hasa wazazi wa darasa la kwanza, watajwe peke yao, kwa sababu hawajui hata ofisi iko upande gani.

## Hatua ya 5: Ondoa pesa kwenye hotuba yako

Hapa nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi: michango, madeni na gharama zisitoke mdomoni mwako siku hii. Msaada ukitajwa kisha michango ikafuata, wazazi wanaona ule msaada ulikuwa chambo. Michango ikitangulia, msaada hausikiki kabisa, maana watu bado wanapiga hesabu.

Mpe mhasibu au mwenyekiti wa kamati, azungumze baada yako, au mambo hayo yaende kwa maandishi. Matokeo mabaya ya mtihani uliopita nayo yasitajwe kwa lawama. Majina ya wanaodaiwa yasisomwe, hata kwa utani.

## Hatua ya 6: Unganisha, kisha pima muda

Ifuatayo ni hotuba nzima ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambayo imejipanga kwa hesabu ya hatua ya kwanza. Badilisha siku na saa ziwe zenu.

> Itifaki imezingatiwa. Ndugu wazazi na walezi, hamjambo?
>
> Asanteni kwa kuja. Najua wapo walioomba ruhusa kazini na wapo waliotoka mbali. Wazazi na walezi wa darasa la kwanza, hii ni mara yenu ya kwanza kukaa nasi, karibuni sana. Ofisi ni ile yenye mlango wa kijani, upande wangu wa kulia.
>
> Muhula huu una wiki 13. Mtihani wa katikati uko wiki ya saba. Tarehe zote ziko kwenye karatasi ya kalenda mtakayopewa mkitoka pamoja na kikaratasi kidogo, kwa hiyo sitazisoma.
>
> Nimesimama kwa jambo moja. Nyinyi mnaona nyumbani mambo ambayo sisi hatuyaoni. Pengine mtoto anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule, na siku za mapumziko anacheza. Pengine daftari linarudi jeupe. Pengine alikuwa mwongeaji, sasa amenyamaza. Ukiona mojawapo, usisubiri barua yetu. Njoo.
>
> Anza na mwalimu wa darasa la mtoto wako. Walimu wa madarasa, naomba msimame mwonekane. Asanteni. Wanapokea wazazi Jumanne na Alhamisi, saa 8 hadi saa 10 alasiri. Narudia: Jumanne na Alhamisi, saa 8 hadi saa 10 alasiri. Getini sema tu jina la mwalimu unayemtafuta. Hutaulizwa shida yako.
>
> Kama jambo ni zito, au hutaki kulizungumza na mwalimu wa darasa, mwone mwalimu wetu wa malezi, siku hizo hizo na saa hizo hizo. Mwalimu, simama tukuone. Na kama bado limekwama, nami nipo ofisini siku hizo hizo.
>
> Utakaa na mwalimu robo saa. Mtakubaliana jambo moja la kufanya nyumbani na jambo moja la kufanya hapa. Baada ya wiki mbili tutakupigia tukuulize hali. Mtoto wako hatachapwa wala kusemwa darasani kwa sababu umekuja. Hilo nalisema mbele ya walimu wangu wote.
>
> Asiyeweza kuja siku hizo apige simu, au atume ujumbe kwa namba iliyo kwenye kikaratasi. Karani atampangia saa nyingine.
>
> Yapo tusiyoyaweza. Sisi si waganga, si mahakama, wala hatuna fungu la kukopesha. Kwa hayo tutakuelekeza pa kwenda. Na jambo lako hatutalitangaza. Ila likihatarisha usalama wa mtoto, tutawaambia wanaoweza kumlinda.
>
> Nami nina ombi moja. Wiki hii, muulize mtoto wako jioni moja: leo ulikaa na nani darasani? Msikilize jibu. Ukisikia kitu kinachokusumbua, unajua pa kuanzia.
>
> Asanteni sana. Mwenyekiti, karibu.

Isome kwa sauti ukiwa umesimama, saa mkononi. Itachukua kama dakika tano, na makofi na walimu kusimama vitaongeza nyingine mbili. Usijazie muda uliobaki. Kama yako inafika dakika 12, punguza kwenye kalenda na pongezi, usiguse dalili wala njia.

Angalia walivyosimamishwa walimu. Mzazi akimwona mtu kwa macho, kumtafuta wiki ijayo si kazi ngumu. Jina likitajwa bila sura, ni kama halikutajwa.

Swali la mwisho, "ulikaa na nani", limechaguliwa kwa makusudi. "Umejifunza nini leo?" hujibiwa kwa neno moja. Swali la nani mtoto alikaa naye hutoa habari za urafiki, upweke na uonevu, na mzazi hahitaji kujua kusoma ili aliulize.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Usisome karatasi. Andika kwenye kadi maneno matano tu ya kukuongoza: salamu, dalili, njia, kitakachofuata, mipaka. Siku na saa ziandike kwa ukamilifu, kwa sababu hizo hazikosewi.

Kijaribu kipaza sauti ukumbi ukiwa mtupu, mtu akiwa ameketi safu ya mwisho. Ukumbi ukijaa, sauti hupungua, basi iwe juu kidogo kuliko inavyokupendeza. Umeme ukikatika, sogea katikati ya watu badala ya kupiga kelele kutoka jukwaani.

Ukishataja siku na saa, nyamaza kidogo. Hesabu moja hadi tatu moyoni. Watu wanahitaji muda huo kulikamata jambo, na wengine wanamnong'oneza jirani yao aliyekosa kusikia.

Kama wapo wazazi wasioielewa vizuri lugha unayozungumza, sehemu ya njia isemwe na mtu mwingine kwa lugha yao, mara tu baada yako. Usitafsiri hotuba nzima, utawapoteza wote.

Usifanye haya mawili: usiwaombe wenye shida wanyooshe mikono, na usitoe mfano wa mtoto "mmoja hapa shuleni" aliyesaidiwa. Hata bila jina, darasa zima litamjua.

Vikaratasi vigawiwe mlangoni watu wanapotoka. Vikitolewa mapema watu watasoma badala ya kukusikiliza, na vingine vitabaki kwenye viti. Kikaratasi kiseme hivi tu:

> Mwalimu wa darasa, mwalimu wa malezi au mwalimu mkuu
> Jumanne na Alhamisi, saa 8 hadi saa 10 alasiri
> Getini taja jina la mwalimu, au cheo chake
> Huwezi kuja? Piga au tuma ujumbe: (namba ya shule)

Utajua umefanikiwa hivi: mwalimu mmoja asimame karibu na geti na kuwauliza wazazi watatu au wanne wanaotoka, kwa mazungumzo ya kawaida, "Ukitaka kumwona mwalimu unakuja lini?" Wakijibu siku, hotuba imefika. Wakijibu "wakati wowote tu," njia haikusikika, na vikaratasi ndivyo vitakavyookoa.

## Hatua ya 8: Wiki mbili za kwanza

Fungua daftari la karani kila Ijumaa. Liwe na nafasi za tarehe, jina la mzazi, darasa, aliyemwona, na siku ya kumpigia tena. Habari za shida zisiandikwe humo, kwani daftari hilo linaonwa na kila anayeegemea meza.

Kama halina majina, kuna sababu tatu zinazowezekana na kila moja ina dalili yake. Wazazi wakipiga simu kuuliza saa, wanataka kuja ila wamesahau. Tuma ujumbe mfupi wenye mistari ile minne. Wakifika wengi getini na wachache kwa karani, wanarudishwa. Zungumza tena na mlinzi. Wakija kwa shughuli nyingine, kwa mfano kulipa au kuleta dawa ya mtoto, na hawatafuti mwalimu, bado wanaogopa. Hapo hotuba nyingine haisaidii. Mwombe kila mwalimu wa darasa awapigie simu wazazi wawili kwa wiki kuwaambia jambo zuri kuhusu mtoto, bila kuomba chochote. Mzazi ambaye simu ya kwanza kutoka shule ilikuwa ya habari njema hupokea ya pili bila mapigo ya moyo kwenda mbio, na huyo ndiye anayekuja.

Daftari likijaa kupita kiasi, ongeza siku badala ya kupunguza dakika. Robo saa ikigeuka dakika tano, mzazi anaondoka akiwa ameeleza tu na hamjakubaliana chochote. Na zile simu za baada ya wiki mbili zipigwe hata kama ni za nusu dakika. Uliziahidi mbele ya ukumbi mzima, na wazazi huulizana.